Kizingiti Hakivukwi

Igizo langu nililiandika kwenye daftari la mistari, kwa kalamu ya bluu. Nimesoma mpaka darasa la saba. Nilikuwa na miaka miwili ya ujane na maneno yalikuwa yamenijaa kifuani. Akina mama wa parokia walilicheza ukumbini Rusimbi, siku tatu mfululizo, na watu waliokosa benchi walisimama madirishani.

Habari yake ni fupi. Mwanamke amefiwa na mume. Ukoo wao una desturi kwamba mjane hatoki mlango wa mbele mpaka wazee waje kuondoa matanga. Uani anakwenda, maana uani ni ndani. Shemeji yake anaitaka nyumba, lakini kumtoa mfiwa kwa nguvu mbele ya waombolezaji ni aibu. Basi anakaa naye chumba kimoja, kufuli jipya mfukoni, akingoja mjane avuke kizingiti hatua moja tu. Akivuka, atafunga mlango na kusema ameiacha nyumba mwenyewe. Shemeji anajaribu hila zote. Mama havuki. Ndiyo hiyo tu.

Mimi nilikaa hivyo siku arobaini, nyumbani kwangu Bangwe. Kwa hiyo naijua.

Bariki alikuja baada ya Pasaka. Ni mtoto wa Mwandiga, amesomea filamu Dar es Salaam, ana adabu.

"Shikamoo, mama Marcelina."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akasema anataka kuifanya filamu kwa ajili ya tamasha. Nikampa daftari. Karatasi ya ruhusa nikamwambia nitaweka sahihi nikishaona kazi. Alicheka kidogo, akakubali.

Miezi mitatu baadaye alituita tuangalie, palepale ukumbini, shuka jeupe ukutani. Mzee Erasto, anayecheza shemeji, alivaa koti. Inamahoro, anayecheza mjane, alikaa karibu yangu akinishika mkono.

Ikaanza na ziwa. Ziwa zuri, sikatai. Mtumbwi ukazama, mume akafa mbele ya macho yetu, wakati kwenye igizo langu hakuna anayemwona akifa. Kisha chumbani. Kisha, Bwana wangu, nikamwona Inamahoro yuko sokoni Mwandiga na kapu, ananunua migebuka, samaki wa kitoweo! Amevaa nguo ya msiba, anatembea katikati ya watu, muziki wa huzuni unalia. Halafu tukarudi chumbani, shemeji bado anapapasa kufuli mfukoni.

Mama Veneranda, muuza dagaa, hajui kunong'ona.

"Ngoja kwanza! Huyu si alishakwenda sokoni? Sasa kufuli lilikuwa linangoja nini?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwingine akadakia, "Shemeji alilala usingizi, huyo!" Mzee Erasto akavua koti. Kuanzia hapo hakuna aliyeogopa kitu. Mlango ulikuwa mlango tu.

Watu walipoondoka Bariki alibaki anakunja nyaya, shingo imemlegea.

"Mama, filamu si jukwaa. Mtu hawezi kutazama chumba kimoja dakika sabini. Lazima tuifungue hadithi, tutoke nje, watu wapumue."

"Mjane wangu alipumua?"

Aliendelea kukunja nyaya.

"Nakuuliza, baba. Siku zile zote alitoka akapumua?"

"Hapana."

"Basi kwa nini watazamaji wapumue kuliko yeye?"

"Watachoka, mama! Nilipiga kwanza chumbani tu, bila soko wala ziwa. Ilichosha kweli. Hata mimi nilisinzia."

"Nionyeshe hiyo."

Akaifungua kwenye kompyuta. Ni kweli, ilichosha. Nikaitazama mara ya pili huku nikishika rozari, si kwa kusali, kwa kutuliza mikono. Inamahoro kulia, Mzee Erasto kushoto, mlango katikati, wote wadogo, wote wakituelekea sisi kama wanaohutubia.

"Kamera yako umeiweka wapi?"

"Mbele, ione wote."

"Umeiweka kwenye benchi la Mama Veneranda. Mbele ndipo watu wa ukumbini walipokaa, kwa sababu hawakuwa na pengine pa kukaa. Lakini hiyo mashine ina miguu. Mimi sikukaa mbele. Nilikaa mkekani, mgongo ukutani, naona magoti ya shemeji na mfuko wa suruali yake ulivyovimba. Mlango niliuona kutoka chini, mkubwa kama wa kanisa. Unasema hadithi imefungwa. Wewe ndiye hujaingia."

Akalifungua daftari langu. "Na nje je? Tusionyeshe kabisa?"

"Nje itakuja yenyewe. Kwani masikio yalifungwa? Nilisikia injini za mitumbwi zikirudi alfajiri. Nilisikia ndugu wa mume wanahesabu mabati ya paa langu, moja, mbili, tatu, mimi niko chini yake."

"Kwenye daftari mjane anasema, 'Nawasikia wanahesabu mabati yangu.'"

"Ukumbini alisema kwa kuwa hatukuwa na paa. Wewe tusikilizishe hesabu, uonyeshe uso wake. Hayo maneno futa."

Nikachukua kalamu nikafuta mwenyewe. Kurasa nne zilikwenda, na nyingine nilizipenda. Pale anapoeleza ziwa lilivyomchukua mumewe, maneno yaliyomliza hata padri, niliacha sentensi moja. Iliuma. Lakini soko sikulirudisha.

"Wa tamasha watasema ni igizo lililopigwa picha," Bariki alisema.

"Waseme. Nimekupa igizo, sijakupa kizingiti. Soko likibaki, karatasi yako itabaki nyeupe."

Tukarudia kazi yote kwenye chumba cha kweli, Rusimbi, chembamba mpaka wakang'oa fremu ya dirisha la uani ili mpiga picha apate pa kusimama. Nilijifunza kwamba hawapigi kwa mpangilio. Siku ya thelathini inapigwa asubuhi, ya tatu jioni. Nikajipa kazi ya kulinda mshumaa.

"Simameni! Mshumaa huu ni mrefu kuliko wa jana yake. Nao haukui."

"Mama, hakuna atakayeona," alisema Mzee Erasto, jasho likimtoka.

"Mama Veneranda ataona."

Wakaukata. Hata lile doa la jua sakafuni walilipima, maana ndilo lililokuwa saa yetu. Siku za mwanzo lilikuwa mbali na mlango. Kwa kila siku ya hadithi Bariki alilisogeza kwa kioo, kidogo kidogo, mpaka siku ya mwisho likagusa kizingiti. Hilo alilibuni mwenyewe, nami nilimpigia makofi.

Kamera ilikaa chini mkekani. Kila shemeji alipotoka tulibaki ndani na mjane, tukisikia viatu vikienda, vikisimama, vikirudi. Asubuhi ya mwisho wazee wa ukoo wanabisha hodi. Shemeji anatoka kuwalaki, kwa haraka ya kusifiwa. Mjane ananyanyuka, anasukuma komeo. Halafu anafungua dirisha la mbele, anawasalimia wazee kupitia hapo: "Shikamooni. Mimi sijatoka." Nyuma ya kofia zao, ndipo ziwa linaonekana kwa mara ya kwanza, kipande kidogo cha bluu.

Tulipoionyesha ukumbini, shemeji alipoweka mkono mfukoni Mama Veneranda alipiga kelele, "Usivuke, mwanangu! Usivuke!" Hakuna aliyecheka. Karatasi ya ruhusa niliiwekea sahihi juu ya benchi lake.

Wiki mbili baadaye Bariki alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiandaa kugombezwa.

"Mama, watu wa tamasha wameitazama. Wanasema wataipokea tukiongeza matukio ya nje, hata dakika kumi. Wanasema bado imefungwa."

"Wewe umewajibu nini?"

"Nimekungoja wewe."

Nilikuwa naanika dagaa. Nikapangusa mikono kwenye kanga.

"Waambie ndiyo, imefungwa. Tena kwa ndani."