Nywele za Mama Veneranda

Stela Nibitanga aliiona kazi yake ni nzuri, mpaka Mama Veneranda mwenyewe alipoinama mbele ya kompyuta, akaitazama picha, akasema taratibu:

"Huyu kavaa wigi."

Jeska, binti yake, alimshika bega. "Mama, mbona umependeza?"

"Wigi nilipewa hospitalini nikalikataa. Leo niende kulisimamisha kanisani?"

Mama na binti walikuwa wametoka Ulyankulu alfajiri. Jumapili iliyokuwa inakuja Mama Veneranda na mumewe, mzee Leonadi, wangetimiza miaka arobaini ya ndoa, na picha yao kubwa ingewekwa mbele wakati wa misa ya shukrani. Picha nzuri ya wote wawili ilikuwa moja tu, ya mwezi uliopita, wamesimama uwanjani jua likiwa nyuma yao. Kwa bahati mbaya, dawa za saratani zilikuwa zimeshampukutisha mama nywele zote. Ndipo Jeska akaleta picha ya zamani, ya mama mwenye nywele fupi, iliyopigwa sebuleni kwa flashi. Stela alizikata nywele zile, akazibandika kichwani, akazikoleza weusi.

"Basi letu saa tisa, dada," Jeska alikumbusha. Ilikuwa saa sita na nusu.

Nishant, mwenye studio, alichungulia kutoka mezani kwake. "Zitie ukungu kidogo pembeni, uchape. Kanisani nani atakagua nywele?"

"Mwenye kichwa atakagua," Stela alijibu, akavuta kiti.

Alijaribu ukungu kwanza. Akalainisha ukingo wote wa nywele kwa kipimo kimoja, na mama akawa kama aliyezingirwa na moshi wa kuni. Akafuta. Akapunguza ukungu, wigi likarudi. Akafuta tena. Shingo ilimuuma, lakini hakutaka mwanamke huyu arudi Ulyankulu na kichwa cha mtu mwingine.

Alipoinua macho, Jeska alikuwa amesimama mlangoni akipunga upepo, barabara nyeupe kwa jua nyuma yake. Stela akamkazia macho. Nywele za Jeska hazikuwa nyeusi. Zilipopigwa na jua zilikuwa za kahawia, na pembeni kabisa mwanga wa nje ulizizunguka na kuzilamba, hata usiweze kusema nywele zinaishia wapi na jua linaanzia wapi. Kwenye paji la uso hapakuwa na mstari. Vinyweleo vilipungua kimoja kimoja, ngozi ikionekana katikati yake.

"Usisogee, Jeska!"

"Nimefanya nini?"

"Umenifundisha kazi. Simama hivyo hivyo."

Akaanza upya. Aliondoa weusi aliokuwa ameupaka, kwa maana ulikuwa umezima vivuli na ming'ao yote, nywele zikawa kofia. Kwenye paji akashika brashi nyembamba, akaufuta ukingo wa nywele kidogo kidogo, akaacha vinyweleo vichache vipite juu ya ngozi, na chini yake akatia kivuli hafifu. Ukingo wa juu akaulainisha kiasi cha ukingo wa sikio na bega la mama kwenye picha ileile, si zaidi. Kisha akachukua nakala ya anga jeupe lililokuwa nyuma ya mama kwenye picha, akaitia ukungu mwingi, akaiweka juu ya nywele, akaibana ionekane ndani ya ukingo wa nywele tu, ikiangaza bila kuzifunika. Ilipowaka mno, akaipunguza nguvu, mpaka mwanga wa kwenye nywele ukalingana na ule uliokuwa tayari umelamba mabega ya mama.

Akarudi nyuma hatua tatu. Hakuona wigi. Aliona mwanamke aliyesimama juani.

"Mama, njoo."

Mama Veneranda alikaa kwenye kiti cha Stela. Alitazama kwa muda mrefu, mkono wake ukipanda bila yeye kujua hadi kwenye kitambaa cha kichwani.

"Hizi zinanikaa," mama alisema. "Lakini mvi zangu umezipeleka wapi?"

"Mvi, mama? Kwenye picha mliyoleta hazipo."

"Hiyo ni ya zamani. Kabla ya kuumwa nilikuwa nazo hapa na hapa." Akagusa pande zote mbili za kichwa, juu ya masikio. "Leonadi alizihesabu mwenyewe, akinicheka. Asipoziona atauliza huyu ni nani."

Stela akacheka, akashika tena brashi. Mvi ya kwanza aliichora nyeupe pee, mama akatikisa kichwa. Ya pili akaififisha, akaipitisha chini ya nywele nyingine.

"Endelea," alisema Mama Veneranda, akisogeza kiti karibu zaidi. "Kushoto zilikuwa nyingi."

Saa nane na robo mashine ilianza kuchapa.