Oksijeni ya Alasiri

"Swali linalofuata," alisema Brightness, amejinyoosha kitandani na ripoti ya mwenzake mapajani. "Binti, unadai oksijeni ya kijito imeshushwa na korona, ile mashine ya mkonge. Umejuaje?"

Asmahani alikuwa amesimama katikati ya chumba chao cha Nguvumali, mikono nyuma, kama tayari yuko mbele ya jopo la watahini.

"Nimepima kijito juu ya korona, maji yanakotoka, na chini yake. Juu nimepata wastani wa saba nukta moja, chini tatu nukta tisa. Mashine inapokamua mkonge inatoa maji yenye tindikali na makapi yanayooza. Vijidudu vinavyoyaozesha vinakula oksijeni, samaki na uduvi wanakosa pumzi. Lete lingine."

"Punguza jeuri. Jopo halipendi jeuri."

"Jopo lizoee."

Jeuri ilikuwa na sababu. Wenzake wa stashahada walichagua mada za kumaliza haraka. Yeye alichagua kijito kinachomwaga maji baharini karibu na Kigombe, anakoishi mama yake mdogo, Mwanasiti. Pale mdomoni mwa kijito wanawake walikuwa wakitanda, wakivua uduvi kwa shuka, tangu enzi za bibi zao. Siku hizi walitanda tope jeusi lenye harufu. Walipokwenda kulalamika wilayani waliambiwa walete ushahidi wa kitaalamu. Ushahidi huo ndio uliokuwa mapajani mwa Brightness.

"Ulianzia wapi kupima?"

"Chini. Nililala kwa Mamdogo, nikapima alfajiri, halafu nikapanda kwa miguu. Kifaa cha kupimia ni kimoja tu chuoni, nawe unajua. Juu nilifika alasiri."

"Kila ulipokwenda?"

"Kila nilipokwenda. Utaratibu uleule, nisichanganye mambo."

Brightness alikaa. Hakuwa akiigiza mtahini tena.

"Asma, mwani na majani ya majini hutengeneza oksijeni jua likiwaka. Usiku hayatengenezi, lakini kila kilichomo kinaendelea kupumua. Alfajiri mto wowote uko chini. Alasiri uko juu. Hata mto ambao haujawahi kuona korona."

Asmahani alijua ni kweli. Somo hilo alilifanya mwaka wa kwanza na akapata alama nzuri.

"Sema unamtetea baba yako," alisema mwishowe. Yona, baba yake Brightness, alikuwa akilisha majani ya mkonge kwenye korona ileile.

"Baba yangu?" Brightness alicheka bila furaha. "Baba yangu mikono imebabuka kwa hayo maji. Nisipokuuliza mimi, watakuuliza wao. Na wakikuuliza wao hutaweza kuwatukana."

Walinuniana hadi chai ilipoiva. Kisha Brightness akasema, kama anayezungumza na kikombe, "Jumapili korona haifanyi kazi."

Asmahani alielewa mara moja: walinganishe siku korona inapofanya kazi na siku inapopumzika. Walikodi bodaboda, wakapima juu na chini ndani ya saa ileile ya asubuhi, siku ya kazi. Tofauti ilikuwepo, ila ilikuwa nusu tu ya ile iliyoandikwa kwenye ripoti. Jumapili, korona ikiwa kimya, wakarudi saa ileile. Oksijeni ya chini ilikuwa imepanda hadi kukaribia ya juu.

"Unaona!" Asmahani alipiga kelele, maji yamefika magotini. "Ni korona!"

"Ni Jumapili moja. Huenda na kina mama hawakufua leo, huenda kuna zizi limehamishwa. Rudia wiki nne ndipo upige kelele."

"Wewe ukiolewa mume atakoma."

Lakini wiki nne hazikuwepo. Mwalimu Masoud, msimamizi wake, alizitazama namba mpya na kuzirudisha mezani kwa kidole kimoja.

"Ripoti imeshakabidhiwa. Hizi hazimo, haziingii."

"Lakini Mwalimu, zile za kwanza zina kasoro. Nilipima nyakati tofauti."

"Nani atauliza saa? Watauliza marejeo, watauliza ukubwa wa sampuli. Wakikuuliza mapungufu, sema muda na fedha. Kila mtu husema muda na fedha. Tetea kilichoandikwa, uhitimu, uondoke."

"Na wilayani wakiuliza saa?"

"Wilayani si wao wanaotoa cheti."

Siku ya utetezi jopo lilikuwa na watu watatu. Waliuliza kwa Kiingereza na kukaripia kwa Kiswahili. Mwalimu Masoud alikuwa sahihi: waliuliza marejeo, wakauliza kwa nini ramani haina skeli. Jedwali la oksijeni walilipita kama mlango wa jirani. Mwisho mtahini wa nje, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akauliza: "Mapungufu ya utafiti wako ni yapi?"

Muda na fedha. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Asmahani akawaza jedwali lile mikononi mwa wakili wa shamba la mkonge lenye korona, mbele ya Mamdogo, na mtu mmoja tu aliyesoma akiuliza saa.

Akayasema yote. Alfajiri na alasiri, jua na mwani. Akaeleza vipimo vya Jumapili na kwa nini siku moja haitoshi kuondoa maelezo mengine. Mwalimu Masoud alikuwa akitazama dari.

"Kwa hiyo hitimisho lako halina miguu," alisema mwenyekiti wa jopo.

"Lina mguu mmoja, Mwalimu. Vipimo vya saa ileile vinaelekeza kulekule."

"Ambavyo havimo kwenye ripoti. Visivyomo havipo. Utarekebisha: andika kwamba korona haina athari kwa kijito."

"Sitaandika hivyo." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Sikuonyesha kwamba haina athari. Nimeshindwa kutenganisha athari yake na ya saa. Hayo ni mambo mawili."

"Unabishana na jopo?"

"Hapo binti yuko sahihi," alisema mtahini wa nje.

Wakamtoa nje, wakamwita tena. Amefaulu, kwa marekebisho. Hitimisho litasema: athari ya korona haikuweza kuthibitishwa. Vipimo vya Jumapili viwe pendekezo kwa watafiti wajao. Mtahini wa nje alimshika mkono na kumwambia majibu ya namna ile hayasikiki kila mwaka. Brightness alimrukia koridoni. Asmahani alicheka naye, na kwa jioni ile moja aliamini ameshinda.

Shamba lilikuwa limetoa kibali cha kupima kwa sharti la kupelekewa nakala ya ripoti. Chuo kikaipeleka.

Mamdogo alipiga simu mwezi uliofuata.

"Shikamoo, Mamdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa cheti. Bwana wa shamba alikuja kwenye mkutano wa kijiji na kitabu chako. Akasoma jina lako lote, na la baba yako. Akasema, mtoto wenu wenyewe kapima, hakuweza kuthibitisha. Ofisa wa wilaya naye alikuwepo. Wamefunga shauri."

"Mamdogo, sikusema korona haichafui."

"Ndivyo nilivyowaambia. Wakaniuliza, kwani alisema nini? Nikakosa jibu." Sauti ilikuwa ya upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Ijumaa uliyosema utakuja, usije kwanza. Wenzangu bado wana hasira."

Asmahani akaanza kumweleza. Alimweleza habari ya jua na mwani, ya maji ya alfajiri na maji ya alasiri, ya Jumapili moja isiyotosha. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili safi, vizuri kuliko alivyoeleza mbele ya jopo. Mamdogo alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akiitikia "naam" na "ehe" pale panapostahili, kama mtu anavyomsikiliza mgeni.