Uso Usiong'aa

Jua la Mwembesongo halina haya. Saa tano tu limeshawakausha watu mate, na Sabra, mwenye ualbino, alikuwa akiuza ndizi za Matombo palepale kando ya barabara, kofia pana juu ya mtandio. Ngozi yake ilikuwa ya mafuta tangu ujana. Losheni nzito ya kukinga jua aliyopewa kliniki ilimfanya ang'ae kama andazi lililotoka karaini sasa hivi, ikachanganyika na jasho na kumwingia machoni. Mwanvita wa meza ya jirani akawa anamtania kila siku, naye Sabra akaanza kuiacha nyumbani. Kidonda cha saratani kikamtoka shavuni. Daktari alikiwahi, akakikata, akamwonya kwamba kingine kinaweza kuchimba ndani.

Aliogopa, tena sana. Akaenda kwa Shivani, muuza vipodozi, akamwambia kweli tupu: kinga anaitaka, ila ile nzito imemshinda.

Shivani hakuwa mchoyo wa maelezo. Alimpaka jeli shavu moja, losheni ya majimaji shavu la pili, na stiki, kinga ngumu ya nta ya kusugua, kwenye paji, akamkalisha nje juani. Jeli ilimpoza na kukauka upesi, ila iliacha mng'ao kidogo, na ilipoteremka na jasho ikamchoma jicho. Stiki haikuteremka, lakini nta yake ilinata na paji likameremeta. Ile ya majimaji, iliyotikiswa kwanza, ilikauka bila kung'aa. Sabra alijipapasa, akaona kama hajapaka kitu. Akachukua hiyo, na stiki ya kuzungushia macho. Shivani akamsisitiza apake ya kutosha, arudie kila baada ya saa mbili na kila akitoka jasho jingi.

Jamani, raha aliyoipata! Mwanvita akakosa la kutania. Lakini kila adhuhuri Sabra alikuwa akitia udhu nyuma ya soko, anaosha uso, anaufuta kwa pindo la khanga, anasali, anarudi kwenye ndizi zake. Ile nzito ilipotoka, uso ulipoteza mng'ao na mtu akajua. Hii haikuonekana ikiwapo wala ikitoka, basi akaamini ipo tu. Kurudia akaona ni israfu. Na stiki aliipitisha mara moja, kwa woga wa kumeremeta.

Mwaka wa pili kikatoka kipele chini ya jicho la kushoto. Alikipuuza miezi, kwani si anapaka? Hospitali daktari alimwuliza mchana wake unavyokwenda. Akasimulia, alipofika kwenye udhu akatambua mwenyewe kwamba maji yalikuwa yakiiondoa losheni, machozi yakamtoka.

"Jicho halitabaki," daktari alisema.

Jeraha lilipofunga alirudi mezani, kitambaa kikiwa kimeziba palipokuwa na jicho. Adhuhuri akatia udhu, akasali, akapaka losheni upya, kisha akatoa stiki mbele ya watu na kuipitisha tena na tena chini ya jicho lililobaki, mpaka pakameremeta.

"Sasa nitanie," akamwambia Mwanvita.

Mwanvita akajifunika uso kwa khanga, akalia.