Upande wa Ukuta

Kipeperushi cha zamani cha dawa ya homa ya watoto kilikuwa kimeandikwa na watu wanaoogopana. Kila sentensi ilijaa "endapo" na "isipokuwa kama ilivyoelekezwa vinginevyo", na mama mwenye mtoto anayewaka moto mgongoni angefika kwenye nukta ya kwanza akiwa amesahau alichokuwa anatafuta. Mkuu wa kitengo alikitupa mezani kwa Bi Kalamu, afisa wa elimu ya afya, akasema, "Kifanye kisomeke na mtu aliyeishia darasa la nne. Ukurasa mmoja."

"Na maonyo ya dozi?"

"Yote yabaki. Usije ukanitia matatani."

Bi Kalamu aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Tena dada yake mkubwa alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba na begi begani, na kila walipokutana alikuwa akimtania: "Mnaandika kwa ajili yetu au mnaandikiana ninyi kwa ninyi?" Safari hii alitaka kumfunga mdomo.

Kwanza aliyatoa maonyo yote kwenye kipeperushi cha zamani, akamwita mfamasia wayapitie pamoja. Kisha akaanza kuvunjavunja. "Muda baina ya dozi usipungue saa sita, na jumla isizidi dozi nne katika kipindi cha saa ishirini na nne" ikawa: "Ukishampa, subiri saa sita. Usimpe zaidi ya mara nne kwa siku, mchana na usiku." Maneno "kifaa sanifu cha upimaji" yakawa "kikombe kidogo kilichokuja na chupa. Usitumie kijiko cha nyumbani." Onyo lililomsumbua zaidi lilizungumzia "matumizi sambamba ya bidhaa zenye kiambato amilifu hicho hicho". Alilifuta na kuliandika mpaka likakaa sawa: "Dawa nyingi za mafua zina dawa hii hii ya homa ndani yake. Usimpe mtoto zote mbili. Ini lake litaumia."

Mfamasia alisoma kila onyo, la zamani na jipya, moja moja, akiweka alama. "Hujaangusha hata moja," alisema. "Na hili la mafua hata mimi nimelielewa leo."

Tatizo ni kwamba sentensi fupi hula karatasi. Ukimeza neno gumu unatapika maneno matatu mepesi. Ukurasa ulijaa, ukafurika. Mkuu akasema herufi zipunguzwe, Bi Kalamu akagoma, kwani bibi mwenye macho mazito atazisomaje? Akapendekeza iondolewe ile safu ya nembo za wafadhili iliyotanda juu ya ukurasa kama nguo kwenye kamba. Mkuu alimtazama kana kwamba amemtukania mama.

"Nembo haziguswi. Chapisha pande mbili. Mbele weka dozi kwa uzito wa mtoto na saa za kumpa, nyuma weka maonyo."

Bi Kalamu alisita kidogo tu. Maonyo yalikuwa yote, kwa herufi kubwa na maneno mepesi, na ndicho alichokuwa amekipigania. Akakubali.

Wakakijaribu kipeperushi ofisini. Wahudumu wa jamii waliketi kuizunguka meza ndefu, dada yake akiwa miongoni mwao, wakasoma kwa sauti. Bi Kalamu aliuliza, "Mtoto ana homa na mafua. Nyumbani kuna dawa ya homa na ya mafua. Utafanyaje?" Wote waligeuza karatasi, wote wakajibu sawasawa. Dada yake akampiga kofi la mgongoni. "Leo umeandika kama mtu aliyezaliwa na mama yetu." Bi Kalamu aliona raha mpaka masikio yakamwasha. Hakumuuliza yeyote karatasi hiyo ikifika nyumbani itakaa wapi.

Ilikaa ukutani. Nyumba nyingi zina watoto wa kuchana karatasi na mvua ya kuilowesha, na wahudumu walikuwa wameagizwa na mkuu wahakikishe vipeperushi havipotei. Kwa hiyo dada alifanya alivyofanya siku zote kwa kila karatasi aliyoithamini. Aliwasomea wenye nyumba pande zote mbili, akawaeleza, kisha akapaka gundi nyuma, akaibandika juu ya mtungi wa maji ambapo kila mtu angeiona. Aliibandika vizuri, bila kona hata moja kuinuka.

Muda ukapita, na maelezo ya mdomo yakapita nayo. Katika nyumba moja mtoto alishikwa na homa na mafua. Bibi yake aliyebaki naye akavaa miwani, akasoma ukutani, akampa dawa ya homa kwa kipimo sahihi na kwa saa sahihi. Dawa ya mafua nayo akampa, kwani mafua yalikuwepo na ukuta haukumkataza. Siku chache baadaye mtoto alikuwa anatapika, macho yamegeuka manjano. Hospitali walimpigania, akapona, lakini kwa shida.

Kikao kiliitishwa kwenye chumba kile kile chenye meza ndefu. Dada alikaa peke yake upande mmoja, begi mapajani. Mkuu aliinua kipeperushi kipya kabisa, kisichowahi kuonja gundi.

"Bi Kalamu, onyo la dawa za mafua limo au halimo?"

"Limo."

"Lilikuwepo tangu siku ya kwanza?"

"Lilikuwepo. Lakini nyuma, mkuu, na wahudumu wanavibandika ukutani. Dozi na onyo lake tulivitenganisha sisi. Mimi ndiye niliyekubali."

"Nimekuuliza kama limo," mkuu alisema kwa upole, akamgeukia mwandishi wa kikao. "Andika: maonyo yote yalikuwemo. Mhudumu aliyafunika."

"Uliniambia visipotee," dada alimwambia mkuu. Akaliweka begi mezani, akaingiza mikanda yake ndani kama mtu anayekunja nguo za marehemu, akatoka. Bi Kalamu alimfuata mpaka uani.

"Mdogo wangu," dada alisema, "umesema kweli. Ungekaa kimya labda ningekuchukia, ingekuwa rahisi." Akaenda zake.

Toleo jipya lilitoka haraka. Safari hii mkuu mwenyewe aliamuru nembo zishushwe mguuni mwa ukurasa, ndogo kama vifungo vya shati. Herufi hazikupunguzwa. Dozi ikakaa juu, maonyo yote chini yake upande ule ule, na nafasi ikatosha na kubaki. Ilikuwa inatosha tangu mwanzo. Mkuu alimsifu Bi Kalamu mbele ya wafadhili, na yeye alitazama meza.

Jumamosi alikuwa kwa dada yake, wamekaa bila mazungumzo ya maana, mhudumu mpya wa mtaa alipobisha hodi akiwa na begi lile lile begani. Msichana mwenye adabu, hakujua anaingia kwa nani. Akawasomea kipeperushi mpaka mwisho, akafungua kopo la gundi.

"Ngoja, mwanangu," dada alisema. "Geuza kwanza tuone."

Msichana akageuza. Nyuma palikuwa peupe, hapana hata nukta.

"Haya," dada alisema, bila kumtazama mdogo wake. "Bandika."