Soda ya Bwana Chapchap

Msimamizi wa zamu alikuwa anaitwa Bwana Chapchap, na jina alilipenda, maana hakujua kwamba lilikuwa dharau. Alitembea nyuma ya viti vya wauguzi akichungulia skrini, na kila ujumbe uliokaa bila jibu ulimuuma kana kwamba alikuwa amekanyagwa kidole.

Asubuhi hiyo, kwenye laini ya meseji ya huduma ya dharura, ukaingia ujumbe kwa muuguzi wa dawati la pembeni: "nsk mkn hjj wa wa". Haukuwa na kichwa wala miguu. Muuguzi akaandika haraka: "Nimeupata, sijauelewa. Unaumwa? Andika 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana. Nakupigia sasa hivi." Akavaa vipokea sauti, akapiga.

Bwana Chapchap akainama juu ya kibodi. "Namba hii ni ya mama mwenye kisukari, aliwahi kutuandikia. Sukari imeshuka, akili imevurugika. Jambo liko wazi."

"Bosi, hatujui nani kashika simu."

"Dada, mtu atakufa ukisubiri kujua." Kabla hajazuiwa, akaandika: "Kunywa soda yenye sukari sasa hivi." Akabonyeza tuma, akajinyoosha kama mtu aliyeokoa mji mzima.

Simu ikapokelewa. Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, maneno yakimomonyoka mdomoni. Huyu hakuwa yule mama. Huenda ni kiharusi, muuguzi akawaza, na mwenye kiharusi hapewi kitu mdomoni, maana koo linaweza kushindwa kumeza.

"Baba, usinywe kitu. Kama uko nyumbani kwa mama mwenye simu, gonga simu mara mbili."

Simu ikagongwa mara mbili. Akampungia mkono mwenzake anayepanga magari, naye akatuma gari la wagonjwa kwenye anwani ya yule mama iliyokuwa kwenye kumbukumbu. Hapo ndipo kikohozi kilipoanza, cha majimaji, kisichoisha.

"Tema, baba. Inama mbele, tema yote. Usilale chali. Niko hapa."

Aliendelea kusema hivyo mpaka akasikia mlango ukisukumwa na watu wa gari wakiita. Kisha akavua vipokea sauti bila kumtazama mtu aliyesimama nyuma yake.

Mchana walipiga simu kutoka hospitali. Kiharusi kweli, lakini amefika mapema, dawa imewahi. Mke wake, yule mama mwenye kisukari, alikuwa ametoka kidogo na simu akaiacha mezani. Kinachowatisha madaktari sasa ni mapafu. Soda imeingia kifuani.

Bwana Chapchap akapiga makofi mbele ya wote. "Mmeona? Haraka ndiyo kazi yetu. Tulimwahi."

"Mimi nilimwahi," muuguzi akasema bila kugeuka. "Wewe ulimnywesha. Mke wake yuko kwenye laini, anauliza nani alimwambia mumewe anywe soda. Chukua, bosi. Jibu chapchap."

Akamnyooshea vipokea sauti. Bwana Chapchap akavitazama, akasema aachwe kwanza afikirie.