Sauti ya Enid Kwenye Bingo

Barua zinazoanza na "Tunasikitika" huwa nazisoma nimesimama, maana nikikaa nitaitupa meza. Hii ilitoka baraza la usuluhishi wa malalamiko ya kamari. Enid Cawood alikuwa mbele yangu, pale maktaba ya Withernsea, Uingereza, ninapotoa ushauri wa bure kila Jumatatu.

"Wamekataa," nilimwambia.

"Kwa hiyo mimi mwongo?" alinong'ona.

Enid hana sauti nyingine zaidi ya hiyo. Alifanyiwa upasuaji wa koo kwa sababu ya saratani. Mwezi wa pili, kwenye ukumbi wa bingo wa Clive Mumby, ambako wa kwanza kujaza kadi kwa namba zinazosomwa na kudai ndiye mshindi, kadi yake ilijaa. Alisimama, akainua kadi, akapiga meza kwa kiganja. Clive, anayesoma namba, alikuwa ameinamia mashine yake, akataja namba nyingine, na mama mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Imejaa!" Zawadi ikaenda kwake, pauni mia nane. Wenzake Enid wa mezani wakaanza kusema eti kazua. Tangu mume wake afe, Alhamisi pale ndiyo siku aliyokuwa akiingojea. Sasa hakwenda tena, na alichotaka ni kurudi kwenye kiti chake bila mtu kumsema pembeni.

Tulifuata taratibu zote. Kwanza tulimlalamikia Clive. Alipotupatia jibu lake la mwisho la hapana, alitutajia baraza, kama anavyopaswa. Baraza ni bure, na haliitishi kikao, linasoma karatasi. Clive aliwapelekea hata picha za kamera.

"Winnie, si kwenye kamera naonekana?" aliuliza Enid.

"Unaonekana, shoga yangu. Lakini kamera haina sauti."

Nilikasirika sana, nikaipigia simu Tume ya Kamari, wanaotoa leseni. Mama aliyepokea alinijibu taratibu kuwa habari za ukumbi wataziandika, lakini hawaamui ugomvi wa mtu mmoja mmoja, wala hawapindui uamuzi wa baraza. Nilimshukuru huku nimeuma meno.

Ndipo nikakaa. Hasira hasara, nami nilikuwa bado sijausoma ule uamuzi hadi mwisho. Sasa nilitaka kujua walifikaje pale.

Kumbe hawakusema Enid kadanganya. Waliandika kwamba kadi ilikuwa imejaa kweli, na kwamba alipiga meza kabla ya namba iliyofuata. Ila kanuni ya tisa ya ukumbi, aliyoikubali alipojiunga, inataka dai litamkwe kwa sauti. Wao huamua kwa kanuni za mchezo. Aya ya mwisho ilisema kama kanuni yenyewe inamwonea mtu mwenye ulemavu, hilo halimo kwenye mamlaka yao; ni la mahakama.

Nilijiona mjinga. Malalamiko niliyaandika mimi, na ukurasa mzima niliuliza kama Enid alidai kwa wakati. Sikuuliza hata mara moja mtu asiye na sauti adai vipi.

"Uamuzi huu ungemfunga Clive kama tungeshinda," nilimwambia. "Wewe haukufungi usipoukubali. Mlango wa mahakama uko wazi."

"Hadi lini?"

Nikahesabu kwa vidole. Kesi ya ubaguzi ina miezi sita tangu siku ya tukio, na sasa ilikuwa Julai, zimebaki wiki chache tu. Pengine sheria ingetuongezea siku kwa kupitia baraza, lakini sikutaka kubahatisha. Jioni ile nilimwandikia Clive: siku kumi na nne, la sivyo tunafungua kesi.

Siku ya saba, Jumatatu, alitukuta mimi na Enid maktaba, amekuja mwenyewe, bahasha mkononi, na nakala ya uamuzi ameiviringisha.

"Nilishinda, Winnie. Soma mwenyewe."

"Nimesoma. Wewe umeisoma aya ya mwisho?"

Clive aliiweka nakala mezani. Akamgeukia Enid. "Mama, mimi sina ubaya na wewe. Wallahi sikukusikia. Ningekusikia ningekulipa papo hapo. Mia nane hizi hapa, tuyamalize."

Enid alisema kitu.

"Unasemaje?" Clive aliuliza.

Akarudia. Clive alivuta kiti, akalaza kifua juu ya meza, akatega sikio hadi karibu na mdomo wake.

"Samahani, mama. Mara moja tena."

Enid alimngoja hadi ametulia vizuri, sikio pale pale.

"Nimesema," alinong'ona, "Alhamisi utainama hivi kila namba, au utaniwekea kengele?"

Clive alibaki ameinama. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Kengele," alisema. "Nitaweka kengele."

Enid akaichukua bahasha.