Hoja ya Kufunga

Binti wa fundi cherehani, ambaye shule nzima ilimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiochoka, aliingia ukumbini akijua la kusema. Hotuba yake alikuwa ameikariri akifua, akipiga pasi, hata akisuka nywele. Upande wake ulikuwa unaunga mkono hoja kwamba kupiga kura kuwe ni lazima kwa kila raia mtu mzima, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kufunga.

Hakuuchagua upande huo. Mwalimu wa mdahalo aliwachagulia kwa kura ya vikaratasi ndani ya kofia. Chiriku alichota karatasi ya kuunga mkono. Binamu yake, kijana mwenye miguu kama ngazi aliyejulikana kama Mrefu, akachota ya kupinga, naye pia akapangiwa kufunga.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, maana hao wawili walikuwa wakiishi nyumba moja. Baba yake Mrefu, kaka wa mama yake Chiriku, alifariki siku ya uchaguzi kwenye foleni ya kupiga kura. Kituo kilikuwa na lango moja jembamba. Watu walikuwa wengi kuliko waliotarajiwa, zikavuma tetesi kwamba karatasi za kura zinakaribia kwisha, umati ukasukumana, na waliokuwa mbele wakabanwa kwenye lango. Mama yake Chiriku alikuwa nyuma yake kidogo tu. Tangu siku ile akamlea Mrefu kama mtoto wa tumbo lake, na tangu siku ile hakupiga kura tena.

Jioni ile walipochota vikaratasi, wakiosha vyombo, Mrefu alisema, "Habari za baba zisitoke humu ndani."

"Hazitoki," Chiriku akamjibu. "Mimi ndiye wa kuzitoa?"

Basi wakakubaliana.

Sasa ukumbi ulikuwa umefurika. Wazazi walikalishwa mbele, na wanafunzi wengine walisimama wakiwa wameziba milango yote miwili kwa migongo yao. Mama yake alikuwa safu ya kwanza, mkoba mapajani, karibu kabisa na jukwaa. Chiriku aliweza kuona uzi mweupe ulioganda kwenye mkono wa blauzi yake, wa kazi ya asubuhi.

Mdahalo ulikwenda vizuri. Mzungumzaji wao wa kwanza alieleza kwamba sheria kama hiyo haimlazimishi mtu kumchagua yeyote. Inamtaka afike, jina lake lihakikiwe kwenye daftari la wapiga kura, apewe karatasi na kuitumbukiza sandukuni, hata akiiacha tupu. Anayekosa bila udhuru hutozwa faini ndogo. Mgonjwa, msafiri na anayezuiwa na dini yake husamehewa. Tena wajibu ni wa pande mbili, alisema: serikali ikimlazimisha kila mtu kufika, nayo inalazimika kumtengenezea kila mtu njia ya kufika. Wa pili akaongeza kwamba wagombea wakijua wote watapiga kura, hawawezi kuhangaika na mashabiki wao tu na kuwasahau wengine.

Wapinzani nao hawakulala. Walisema haki ambayo huwezi kuacha kuitumia si haki tena, ni amri. Walisema kura zilizoharibika zitaongezeka, na wasiojua lolote watatia alama kwenye jina la juu ili waende zao. Walisema faini ndogo kwa tajiri si ndogo kwa anayeishi kwa kibarua.

Kwa kawaida ya mdahalo, upinzani ndio hufunga kwanza. Mrefu akapanda. Alianza kwa kujikanyagakanyaga, akarudia faini, akarudia uhuru, akaona majaji hawaandiki kitu. Chiriku alimwona akimeza mate, akajua kinachokuja kabla hajasikia neno.

"Namjua mwanamke mmoja," Mrefu alisema. "Kaka yake alikufa kwenye foleni ya kura, yeye akiona kwa macho yake. Tangu siku hiyo hajakanyaga kituo cha kupigia kura. Wenzetu wanataka tumwambie nini? Kwamba asiporudi kwenye foleni ile ile ni mkosaji? Waje wamwambie wao. Mimi siwezi."

Majaji watatu wakainama wakaandika. Mama yake Chiriku hakutikisika. Alikuwa akitazama mbele, vidole vyake vikikunja na kukunjua mshipi wa mkoba. Mrefu alirudi kwenye kiti bila kumtazama mtu.

Mzungumzaji wa pili, aliyeketi kushoto kwa Chiriku, akamsogelea sikioni. "Hiyo ni hoja mpya. Kwenye hotuba ya kufunga hairuhusiwi. Simama umwombe mwenyekiti awaambie majaji waifute."

"Si hoja, ni mfano," Chiriku akanong'ona. "Uhuru wa kutokwenda walishausema."

"Acha mwenyekiti aamue. Ukinyamaza, inahesabika. Na isipojibiwa, tumekwisha."

Ni kweli tupu, na Chiriku alijua. Akiomba ifutwe, ataonekana mbele ya mama yake akiomba kifo cha mjomba kifutwe kwenye karatasi za majaji. Akiiruka, itabaki imesimama na wenzake watashindwa kwa sababu yake. Akiijibu, atalazimika kumwambia mama yake hadharani kwamba inampasa kurudi kwenye foleni. Aliitazama milango. Hapakuwa na pa kupita hata panya.

Mwenyekiti alimwita. Miguu ikampeleka.

Hotuba aliyoikariri ilikuwa imeyeyuka. Akashika kingo za meza, akaanza na yale ambayo hotuba ya kufunga haiwezi kuyakwepa: mgongano uko wapi. "Upande wa pili umeuliza swali moja kwa njia nyingi," alisema. "Je, kupiga kura ni mali ya mtu binafsi, aitumie au aiache? Au ni kazi ya pamoja, kama kutoa ushahidi mahakamani, ambako ukiitwa unakwenda?" Akawajibu kuhusu kura zilizoharibika: anayeiacha karatasi tupu kwa makusudi naye amesema jambo, na linahesabika. Akajibu faini: asiyekuwa na uwezo hutoa udhuru, na sheria inaweza kumsamehe.

Mzungumzaji wa pili alikuwa amemkazia macho.

"Halafu kuna huyo mwanamke."

Akaziachia kingo za meza.

"Ningeweza kusema atapewa udhuru. Ni rahisi kusema. Lakini udhuru unaandikwa, na anayeuandika hueleza sababu. Kila uchaguzi angekwenda kwa karani, amweleze upya kaka yake alivyokufa, karani agonge muhuri. Hilo nalikiri. Ni zito, na upande wetu hauna namna ya kulifanya jepesi."

Mzungumzaji wa pili akashika tama.

"Lakini nauliza. Yule kaka alikufa kwa nini? Hakuuawa na kura. Alikufa kwa sababu watu waliotarajiwa walikuwa wachache kuliko waliofika. Kuna mtu alikadiria kwamba wengi watabaki nyumbani, akaweka kituo kimoja chenye lango moja na karatasi za kubahatisha. Mwenzangu wa kwanza alisema wajibu ni wa pande mbili. Maana yake ni hii. Wote wakilazimika kufika, hakuna mpangaji atakayeweza kusema hakuwatarajia. Atalazimika kuweka vituo vingi, mlango wa kuingilia na wa kutokea, karatasi za kutosha kila aliyeandikishwa, na siku ya mapema kwa wasioweza kubanana. Uhuru wa kubaki nyumbani ndio uliompa yule mpangaji kisingizio. Kwa hiyo jibu langu kwa mwanamke huyo..."

Kengele ya mtunza muda ililia mara moja, dalili kwamba muda unakaribia kwisha. Chiriku alifanya kosa la kutazama chini. Macho yake na ya mama yake yakakutana.

"Jibu langu ni kwamba ndiyo, inampasa arudi. Na serikali ikamtengenezee mlango kabla hajarudi."

Akashukuru, akashuka. Makofi yalikuwa mengi. Kila kofi lilimpata kama kibao.

Majaji wawili waliwapa ushindi, mmoja akawapinga. Jaji mkuu alieleza kwamba ule ulikuwa mfano mpya wa hoja ya zamani, kwa hiyo uliruhusiwa, na kwamba upande wa kuunga mkono ulishinda kwa kuukabili badala ya kuukimbia. Wenzake wakamkumbatia Chiriku. Yeye alikuwa akitafuta blauzi ya mama yake katikati ya watu, huku akiomba asiione.

Walirudi nyumbani watatu, kwa miguu, mama katikati. Barabara ilikuwa na ukuta mrefu wa ghala upande mmoja na mtaro upande mwingine, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujitenga. Walikwenda hivyo mpaka ukuta ulipokaribia kwisha.

"Shangazi," Mrefu alisema hatimaye, "nilikuwa nashindwa. Ikanitoka."

"Nilisikia ilivyotoka," mama akasema. "Ulisema sitaki kwenda."

"Si hutaki?"

Mama alipunguza mwendo. "Kila uchaguzi naamka, navaa, nachukua kitambulisho. Nafika pale kwenye kona ya duka la mbao, naiona foleni, miguu inakataa. Narudi nyumbani nashona. Mara zote nawaambia watu nilikuwa na kazi nyingi. Wewe unasema ni uhuru wangu. Uhuru gani? Mimi nimenaswa pale kwenye kona, baba."

Mrefu akainamisha kichwa.

"Na wewe," mama akamgeukia bintiye, "unaniambia inanipasa. Unadhani hayo sijajiambia? Najiambia kila mara, tena kwa ukali kuliko wewe. Faini yenu ikija nitalipa, halafu nitafika kwenye kona ile ile. Miguu haisomi sheria."

"Mama, nilipangiwa upande," Chiriku akasema. "Sikuwa na namna."

"Najua. Ulisema vizuri. Jirani yangu pale alifuta machozi, hata hajui anamlilia nani." Akashusha pumzi. "Ila uliniita 'huyo mwanamke'. Wote wawili mmeniita hivyo. Nikawa nimekaa pale mbele natajwa, siwezi kusimama, siwezi kutoka, maana milango imezibwa. Nikabana pumzi kama siku ile."

Chiriku alitaka kumshika mkono, ila mkoba ulikuwa upande wake, na mama hakuuhamisha.

Walikunja kona. Mama akaongea tena, safari hii polepole, kama mtu anayeulizia bei ya kitambaa asichokusudia kununua.

"Hicho kituo ulichosema. Chenye mlango wa kuingilia na wa kutokea, na siku ya mapema. Kipo wapi?"

Chiriku alimtazama Mrefu, na Mrefu akatazama mbali.

"Hakipo, mama. Ni cha kwenye mdahalo."

"Aa," mama akasema. Akaendelea kutembea, nao wakamfuata, mmoja kila upande.